UZI: Gesi inasambaa yenyewe, chai inapoa yenyewe, kwa nini havirudi nyuma? Fomu faivu naomba kueleweshwa entropi

binti_pcb_temeke
Habari za muda huu wakuu. Niko fomu faivu, PCB, shule ya hapa hapa Dar. Kuna kitu kimenikwama kwenye kemia naomba mnisaidie.

Tulianza kwa kuambiwa vitu vinapenda kwenda kwenye nishati ndogo. Jiwe linaanguka, mkaa unawaka unatoa joto, sawa hapo naelewa. Sasa ukaja mfano wa chupa mbili zimeunganishwa kwa mrija wenye koki katikati, moja ina gesi, nyingine imetolewa hewa yote iko tupu. Ukifungua koki gesi inasambaa chupa zote mbili. Jotoridi halibadiliki, hakuna joto lililotoka wala kuingia, hakuna kilichosukumwa. Yani nishati kabla na baada ni ile ile! Sasa kama nishati haijapungua gesi imeenda kule kwa sababu gani?

Nikiuliza naambiwa kwa sababu entropi imeongezeka. Nikiuliza kwa nini entropi inaongezeka naambiwa kwa sababu mchakato umejiendea wenyewe. Sasa hapo si tunazunguka tu jamani? Fomula ninayo, sitaki fomula, nataka SABABU.

mama_wawili_tabata
Mwanangu mimi hayo ya darasani yamenipita ila kwenye gesi ngoja niseme. Kama unasikia harufu nyumbani usiwashe taa wala kiberiti, fungua milango na madirisha, funga mtungi, toa watoto nje. Na msidanganyike kwamba inasambaa tu inapotea, hapana. Mimi jikoni kwangu mpira ulikuwa umechakaa, ukisimama husikii sana harufu, ukiinama chini kuokota kitu ndo unaikuta imejaa huko chini sakafuni. Kwa hiyo hiyo habari ya kusema gesi inajigawa sawa chumba kizima mimi sikubaliani nayo, nimeona kwa pua yangu.

Msomi_Buguruni
Mdogo wangu hilo swali rahisi. Entropi ni fujo. Vitu vyote duniani ukiviacha vinaenda kwenye fujo, ndo sheria ya pili ya themodinamiki. Chumba chako usipokipanga kinavurugika chenyewe, hakijawahi kujipanga chenyewe. Gesi kwenye chupa moja imepangika, ikienda chupa mbili imevurugika. Basi. Andika hivyo kwenye pepa utapata maksi.

binti_pcb_temeke
@mama_wawili_tabata asante mama, nyumbani kuko salama ni swali la darasani tu 🙏

@Msomi_Buguruni kaka asante ila bado. Kwa nini viende kwenye fujo? Molekuli inajuaje kwamba huku ndo kuna fujo? Hiyo ni ile ile, umebadilisha neno tu.

mwl_kimara
Binti swali lako ni zuri na umeligusa penyewe. Molekuli haijui chochote na hakuna kitu kinaisukuma kwenda upande wa pili. Kila moja inakimbia tu, inagonga ukuta, inagonga mwenzake, inageuka. Ukielewa hilo kwanza, kwamba HAKUNA msukumo, kilichobaki ni kuhesabu.

Chukua gesi yenye molekuli nne tu, ziite A, B, C, D. Koki iko wazi, chupa ni sawa kwa ukubwa. Muda wowote ukipiga picha kila molekuli iko kushoto au kulia, basi. A ina nafasi mbili, B mbili, C mbili, D mbili, jumla mipangilio 2×2×2×2 = 16. Zikiwa zote nne kushoto huo ni mpangilio mmoja tu. Tatu kushoto na moja kulia ni mipangilio minne, maana ile iliyoenda kulia inaweza kuwa A, au B, au C, au D. Mbili kwa mbili ni mipangilio sita, chukua karatasi uiandike yote uione, usinikubalie tu. Alafu inarudi tena minne, na mmoja.

Sasa molekuli zinagongana hovyo bila kupendelea, kwa hiyo hakuna mpangilio wowote kati ya hiyo 16 unaopendelewa. Ule wa "zote kushoto" una nafasi sawa kabisa na, mfano, "A na C kushoto, B na D kulia". Tofauti ni kwamba wewe ukiwa nje huoni nani yuko wapi, unaona tu "zimegawanyika nusu kwa nusu", na hali hiyo ina mipangilio sita nyuma yake wakati ile ya zote kushoto ina mmoja. Ndo maana unaikuta nusu kwa nusu mara nyingi zaidi. Haijapendwa, ina njia nyingi tu za kutokea.

kijana_pcm
Ticha hapo kuna kitu. 1 kwa 16 sio ndogo. Yani ukipiga picha mara nyingi nyingi, kila baada ya picha kama kumi na sita hivi unazikuta zote nne zimerudi kushoto zenyewe. Kwa hiyo gesi INARUDI nyuma?

mwl_kimara
Ndiyo. Gesi ya molekuli nne inarudi, na mara nyingi tu. Watu wengi hawaambiwi hili wanabaki wanafikiri sheria ya pili ni kama ukuta. Haikatazi kurudi. Inahusu namba.

Ongeza molekuli uone. Zikiwa 10 mipangilio ni 1024, nafasi ya kuzikuta zote kushoto ni moja kwa 1024, bado unaweza kuvumilia ukaiona. Zikiwa 100 tu, mipangilio ni 2 mara yenyewe mara mia, inatoka kama 1.27 × 10^30. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, ukibadilisha ni sekunde kama 4 × 10^17. Tuseme ulianza kupiga picha tangu siku ya kwanza, picha bilioni moja kila sekunde bila kupumzika. Ungekuwa na picha kama 4 × 10^26. Bado hujafika hata sehemu moja ya elfu ya picha unazohitaji ili utegemee kuziona zote mia moja kushoto mara moja.

Na hiyo ni molekuli mia. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya hapa Dar ina molekuli kama 2.4 × 10^19. Sasa chukua 2 uizidishe yenyewe mara hizo zote. Hiyo namba hata kuiandika huiandiki. Ndo maana hujawahi kuona hewa ya chumbani imekimbilia kona moja ukakosa pumzi.

binti_pcb_temeke
Ohoooo. Kwa hiyo hairudi sio kwa sababu imekatazwa, ni kwa sababu njia za kurudi ni chache mno ukilinganisha na njia za kubaki imesambaa?

mwl_kimara
Hapo hapo. Na entropi ni hesabu ya hizo njia. Fomula yake ni `S = k ln W`, W ndo idadi ya mipangilio, k ni namba ndogo sana 1.38 × 10^-23 J/K. Imechongwa kwenye kaburi la mwanafizikia Boltzmann kule Vienna, ila pale ln imeandikwa log.

binti_pcb_temeke
Mwalimu hiyo ln inafanya nini pale? Si tungeacha W yenyewe?

kijana_pcm
Hii naijua ngoja nijibu. Ukiwa na chupa mbili za gesi tofauti, moja ina njia 6 na nyingine ina njia 10, zote kwa pamoja zina njia 60 sio 16, maana kwa kila mpangilio mmoja wa hii, ile nyingine inaweza kuwa kwenye wowote kati ya kumi yake. Njia zinazidishwa. Lakini tunataka entropi ya vitu viwili iwe jumla, kama uzito unavyojumlishwa. Log inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Pia inashusha yale manamba makubwa. Mfano mole moja ya gesi ikitanuka mara mbili, W inazidishwa kwa 2 mara ngapi? mara idadi ya molekuli zote, 6.02 × 10^23. Chukua ln, zidisha na k, unapata R ln 2, ambayo ni 5.76 J/K. Namba ya kawaida kabisa unaweza kuandika kwenye pepa.

mama_wawili_tabata
Nimesoma yote hayo na nimefuatilia vizuri tu. Lakini hamjanijibu gesi yangu ya sakafuni. Kama kila mpangilio una nafasi sawa kwa nini ilikuwa chini?

chuo_mlimani
Mama swali lako ni halali kabisa na linaonyesha hesabu ya ticha ina masharti. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni… samahani naandika haraka, propani na butani. Molekuli yake ina uzito wa 44 au 58 wakati hewa kwa wastani ni 29, kwa hiyo ni nzito mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikitoka kwenye mpira inatoka kama mkondo mzima, na mkondo mzito unashuka chini kabla molekuli moja moja hazijapata muda wa kuzurura. Ukiiacha kwenye chumba kilichofungwa muda mrefu bila mtu kuigusa itachanganyika na hewa mpaka juu. Kwa urefu wa chumba cha kawaida, ikishachanganyika, tofauti ya chini na juu haionekani kwa pua. Shida ni huo muda, unaweza kuwa mrefu, na cheche haisubiri. Kwa hiyo ushauri wako ubaki vile vile, na pua yako haikudanganya.

Ila kwa binti, angalia hapo: entropi inakwambia mwisho ni wapi. Haikwambii utafika saa ngapi.

mama_wawili_tabata
Sawa mwanangu umenijibu.

binti_pcb_temeke
Sasa gesi nimeelewa. Joto je? Chai inapoa, haijawahi kuchukua joto la chumbani ikachemka. Lakini hapo hakuna kitu kinachosambaa kulia na kushoto, mnahesabu nini?

Msomi_Buguruni
Joto linatoka penye nishati nyingi kwenda penye nishati kidogo. Hiyo haihitaji hesabu.

mwl_kimara
@Msomi_Buguruni ndugu yangu sio hivyo, na hapa wanafunzi wengi wanapotea. Bahari pale Koko Bichi ina nishati nyingi mno kuliko kikombe chako cha chai. Mimina chai baharini, joto linaenda wapi? Linatoka kwenye kikombe chenye nishati kidogo kwenda kwenye bahari yenye nishati nyingi. Kwa hiyo sio wingi wa nishati unaoamua. Kuna kitu kingine, na ndo tutakachokitafuta.

Binti, safari hii tunahesabu namna nishati inavyogawanywa kwa atomu. Kwenye kitu kigumu atomu zimekaa sehemu moja zinatetemeka, na nishati ya kutetemeka inachukuliwa kwa vipande kamili, tuviite vipakiti. Atomu inaweza kuwa na vipakiti 0, 1, 2, na kuendelea, haiwezi kuwa na nusu. Tuchukue kitu kimoja cha moto chenye atomu 3 tu, na kimoja cha baridi chenye atomu 3, na tukubaliane kila atomu inatetemeka upande mmoja tu ili hesabu iwe nyepesi.

Ukiwa na atomu 3 na kipakiti 1, njia ni 3. Kipakiti kinakaa kwa huyu, au yule, au yule. Vipakiti 2 vina njia 6: ama vyote viwili viko kwa mmoja (njia 3) ama kimoja kimoja kwa wawili (njia 3). Ukiendelea hivyo vipakiti 3 ni njia 10, vinne ni 15, vitano 21, sita 28. Bila kipakiti chochote ni njia 1. Hebu ziandike za vipakiti 3 ujiridhishe zinafika 10.

Sasa kitu cha moto kina vipakiti 5, cha baridi kina 1. Vigusanishe. Jumla ya vipakiti ni 6 na haibadiliki, nishati haipotei. Kwa pamoja vina njia 21 × 3 = 63. Kipakiti kimoja kikihama kutoka moto kwenda baridi tunapata 4 na 2, njia 15 × 6 = 90. Kikihama kinyume, baridi akampa moto kile kimoja alicho nacho, tunapata 6 na 0, njia 28 × 1 = 28.

Jiulize sasa. Vipakiti vinarukaruka hovyo, kila mpangilio una nafasi sawa. Upande mmoja kuna mipangilio 90, upande mwingine 28. Utakuta nini mara nyingi?

binti_pcb_temeke
90!! Alafu nikiendelea, 3 na 3 ni 10 × 10 = 100. Alafu 2 na 4 inarudi 90. Kwa hiyo inapanda mpaka 100 inashuka tena. Na mwisho wake ni pale vyote viwili viko sawa. Nimejumlisha yote imekuja 462.

mwl_kimara
Safi sana, 462 ndo yenyewe. Sasa niambie kitu kimoja, hapo ndipo kuna kiini chote. Kile cha moto kilipopoteza kipakiti njia zake zilipungua kutoka 21 kwenda 15. Zimepungua! Entropi yake imeshuka. Kwa nini jumla imepanda?

binti_pcb_temeke
Kwa sababu cha baridi kimepata… kimetoka 3 kwenda 6. Kimeongezeka njia 3 tu lakini ile nyingine imepoteza 6. Mbona sasa hesabu haikubali?

kijana_pcm
Usitoe, gawanya. Njia zinazidishana kwa hiyo angalia imezidishwa mara ngapi. Baridi: 3 kwenda 6 ni mara 2. Moto: 21 kwenda 15 ni mara 0.71. Zidisha 2 × 0.71 unapata 1.43 hivi, na 90 gawanya kwa 63 ni hiyo hiyo 1.43.

binti_pcb_temeke
Aaaah kwa hiyo kipakiti kimoja kwa yule mwenye kidogo kinabadilisha sana, mara mbili nzima, lakini kwa yule mwenye vingi kukipoteza hakumsumbui sana, anabaki na asilimia 71 ya njia zake.

mwl_kimara
Umeshafika. Na hiyo ndo maana ya jotoridi. Kitu kuwa cha moto sio kuwa na nishati nyingi, ni kwamba ukikiongezea kipakiti kimoja njia zake zinaongezeka kwa uwiano mdogo. Kitu cha baridi kipakiti kile kile kinazidisha njia zake kwa uwiano mkubwa. Rudi baharini: bahari ina nishati nyingi lakini imegawanywa kwa molekuli nyingi mno, kila moja ina kidogo kuliko molekuli za chai. Ndo maana joto linaelekea kule. Na kwenye mfano wetu vimeishia 3 kwa 3 kwa sababu tu vitu vyetu vina ukubwa sawa, kama kimoja kingekuwa na atomu nyingi kingebaki na vipakiti vingi zaidi, ila jotoridi lingekuwa sawa.

Na ile fomula yenu ya Q gawanya kwa T imetoka hapa hapa. T ikiwa kubwa, joto lile lile linaleta badiliko dogo la entropi. T ikiwa ndogo linaleta badiliko kubwa. Piga ya chai: chai iko nyuzi 80, yani 353 K, chumba kiko nyuzi 30, yani 303 K. Zimehama jouli 1000. Toa majibu.

binti_pcb_temeke
Chai imepoteza 1000/353 = 2.83 J/K. Chumba kimepata 1000/303 = 3.30 J/K. Jumla imeongezeka 0.47 J/K. Na nikigeuza, joto litoke chumbani liingie kwenye chai, inakuja −0.47, kwa hiyo njia zinapungua.

Mwalimu hiyo 0.47 inaonekana ndogo, kwa nini basi haitokei kinyume hata mara moja moja?

kijana_pcm
Gawanya kwa k uone. 0.47 gawanya kwa 1.38 × 10^-23 ni kama 3.4 × 10^22. Hiyo ndo ln ya uwiano wa njia. Yani njia zimezidishwa kwa e iliyopandishwa kwenye hiyo 3.4 × 10^22. Usisubiri chai ijipashe.

Msomi_Buguruni
Mimi naomba niulize maana mnanipita. Maji yakiwekwa kwenye friza yanaganda. Barafu imepangika vizuri kuliko maji, molekuli zimekaa kwenye mistari. Yameganda yenyewe hakuna aliyeyapanga. Kwa hiyo fujo imepungua yenyewe. Sasa sheria yenu iko wapi?

chuo_mlimani
Kaka hapo umeangalia maji peke yake. Njia za maji zimepungua kweli, hilo uko sahihi. Lakini maji yakiganda yanatoa joto, gramu moja inatoa jouli 334, na hilo joto linaenda kwenye hewa ya friza na kuiongezea njia zake. Lazima uhesabu wote wawili.

Maji yanaganda kwenye 273 K, kwa hiyo yamepoteza 334/273, ni 1.22 J/K. Friza iko nyuzi 18 chini ya sifuri, ni 255 K, imepata 334/255, ni 1.31. Jumla imeongezeka 0.09, kwa hiyo yanaganda. Sasa weka maji hayo hayo juu ya meza hapa Dar kwenye 303 K. Yakitaka kuganda hewa ingepata 334/303, ni 1.10 tu, wakati maji yanapoteza 1.22. Jumla inapungua 0.12. Hayagandi. Na barafu ukiiweka hapo inayeyuka.

Ndo maana hilo neno fujo linachanganya. Ukiangalia kwa macho kilichopangika na kilichovurugika utakosea, hesabu njia na uhesabu za kila anayehusika.

Msomi_Buguruni
Bado mimi naona fujo ni neno zuri la kuanzia kwa mtu wa fomu faivu. Pepa halikuulizi vipakiti. Ila hiyo ya meza na friza nimeielewa.

fundi_barafu_mbagala
Nyie wasomi nimewafuata kimya kimya muda wote. Mimi natengeneza friji na kazi ya friji ni kinyume na mnachosema. Inatoa joto ndani kwenye baridi inalileta nje kwenye joto, shika kondensa nyuma ya friji uone inavyounguza. Kila siku joto linatoka baridi kwenda moto mbele ya macho yangu.

mwl_kimara
Fundi karibu sana. Ulichosema ni kweli kabisa. Lakini zima umeme, joto linaenda upande gani?

fundi_barafu_mbagala
Linarudi ndani, nyama inaoza. Hilo najua mwalimu.

mwl_kimara
Sasa tufanye hesabu ya LUKU. Kompresa inatoa jouli 1000 ndani ya friza kwenye 255 K. Ndani pamepoteza 1000/255, ni 3.92 J/K. Ili jumla isipungue, nje lazima pale chumbani pa 303 K papate angalau 3.92. Zidisha 3.92 × 303, ni kama jouli 1188. Lakini ndani umetoa 1000 tu. Zile 188 zaidi lazima zitoke mahali, na zinatoka kwenye umeme. Hiyo ndo bei ya chini kabisa, hakuna friji ya mtu yeyote inayoweza kushuka chini ya hapo. Za kweli zinakula zaidi sana.

fundi_barafu_mbagala
Kwa hiyo mteja akibanisha friji ukutani jikoni kwenye joto kali, nyuma pakawa nyuzi 40, hiyo namba inapanda?

kijana_pcm
Nyuzi 40 ni 313 K. 3.92 × 313 = 1227. Kwa hiyo sio 188 tena ni 227. Imepanda kwa kama asilimia 20, na hapo ni friji kamilifu.

fundi_barafu_mbagala
Mimi nawaambia kila siku wasogeze friji mbele, mbali na ukuta, waipatie hewa, wanaona nawasumbua. Sasa nimepata maneno ya kuwaambia. Asante kijana.

kijana_pcm
Ticha mimi nina langu la mwisho maana linanisumbua tangu ulipoanza. Umesema molekuli zinagongana tu, na migongano hiyo inafuata sheria za kawaida za Newton. Sheria za Newton hazina mbele wala nyuma, ukirekodi mgongano wa molekuli mbili ukaucheza kinyume bado ni sahihi. Gesi ikishasambaa, tuseme nimegeuza mwendo wa kila molekuli sekunde hiyo hiyo, kila moja irudi ilikotoka. Si gesi yote itarudi chupa ya kwanza? Na hiyo hali niliyoigeuza ni mpangilio mmoja halali kati ya ile mipangilio ya "imesambaa". Sasa mnasemaje kila mpangilio unaelekea kusambaa?

mwl_kimara
Hilo swali Boltzmann mwenyewe aliulizwa na Loschmidt mwaka 1876. Na ni kweli, ungezigeuza zote kwa usahihi kamili zingerudi. Kwa hiyo mpangilio wa kurudi upo. Ila kati ya mipangilio yote ya "imesambaa", ile inayorudi ni michache kwa kiwango kile kile tulichohesabu, na ukikosea kugeuza molekuli moja kidogo tu, migongano michache baadaye njia imeshaharibika na haikusanyiki tena. Sisi hatuwezi kuzichagua, kwa hiyo tunazikuta kwenye ile mingi.

chuo_mlimani
Ticha kwa heshima, hapo naona hujamjibu yote. Hesabu yako ukiigeuza kwenda nyuma inakwambia pia kwamba jana gesi ilikuwa imesambaa zaidi, maana mipangilio mingi ukiicheza kinyume nayo inaenda kusambaa. Lakini jana tunajua ilikuwa kwenye chupa moja. Kinachotofautisha jana na kesho sio kuhesabu. Ni kwamba kuna mtu aliijaza ile chupa, tulianza kwenye W ndogo.

kijana_pcm
Na huyo aliyeijaza alitumia pampu, pampu ikatumia umeme, umeme ukatoka kwenye gesi ya Songosongo au maji ya Rufiji, mvua ikatoka kwenye jua… kila nikirudi nyuma nakuta W ndogo zaidi. Inaanzia wapi?

mwl_kimara
Ukifuata huo mnyororo unafika mwanzo wa ulimwengu wenyewe, kwamba ulianza na entropi ndogo mno. Kwa nini ulianza hivyo wanafizikia bado wanabishana. @chuo_mlimani nakubali kuhesabu peke yake hakutoi mwelekeo wa wakati, ila kwa swali la binti, ukishaijua hali ya kuanzia, kuhesabu kunatosha.

chuo_mlimani
Kwa swali la binti sawa. Kwa la kijana mimi bado.

binti_pcb_temeke
Mimi la chupa na la chai nimeelewa kabisa sasa naweza kumweleza mtu. Nina moja limebaki, kama chupa zote mbili zilikuwa na oksijeni ile ile, presha sawa, jotoridi sawa, nikafungua koki, molekuli zinachanganyika kulia kwenda kushoto. Entropi inaongezeka au haiongezeki? Nikihesabu kwa majina A, B, C, D inaongezeka, lakini nikiangalia hakuna kilichobadilika.

kijana_pcm
Haiongezeki. Lakini ngoja nifikirie kwa nini ile hesabu ya majina inadanganya.

mwl_kimara
Anza na hili: ukibadilishana A na B mahali pao, je, umepata mpangilio mpya au ni ule ule? Jibu mkiwa mnazungumzia oksijeni kwa oksijeni, alafu mrudie mkizungumzia oksijeni kwa naitrojeni. Nikitoka kazini nitasoma mlichoandika.